Nafasi za Januari kituoni kwetu: siku ya mtoto ilivyo na ada inakokwenda

Fomu za Januari zimeanza kutolewa kituoni kwetu Tabata, Dar es Salaam, na karibu kila mzazi anayepiga simu anaanza na swali la ada. Nitalijibu kwa shilingi kamili hapa chini. Kwanza nataka uione siku ya mtoto ilivyo, hasa mtoto mchanga, kwa sababu wengi wanaotutafuta ni akina mama ambao likizo ya uzazi inawaishia. Sheria inampa mama siku 84, kwa hiyo anarudi kazini mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Umri huo mtoto hawezi kukusimulia jioni alivyoshinda.

Tunafungua saa 12:30 asubuhi. Ukifika, usimkabidhi mtoto mlangoni ukakimbilia daladala. Tenga dakika kumi. Mlezi wa zamu atampokea, atamvua nguo mbele yako na kumtazama mwili mzima: ngozi, kichwa, mikunjo ya mapaja, macho, kisha atampima joto. Kama kuna alama, iwe ameumwa na mbu au amejigonga nyumbani, inaandikwa kwenye daftari la mapokezi na mnasaini wote wawili. Jioni tunarudia hivyo hivyo, safari hiyo mtazamaji ni wewe. Wazazi wapya huona kama tunawachelewesha. Lakini pasipo daftari hilo, jioni ukikuta mwanao ana alama begani hakuna atakayejua ameitoa wapi, na mlezi asiye na kosa anaweza kufukuzwa huku mtoto anayeumizwa akiendelea kuumia. Alama zikijirudia kutoka nyumbani, tunamwita mzazi tuzungumze, na ikibidi tunampelekea taarifa afisa ustawi wa jamii. Nalisema hili wazi kabla hujajaza fomu.

Mtoto mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hatumpokei. Anayeharisha anakaa nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu aharishe mara ya mwisho, na wa tetekuwanga anasubiri mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Najua maana yake kwa mtu ambaye bosi wake hataki kusikia habari ya mtoto kuumwa. Hata hivyo, chumba cha wachanga kina watoto sita, na kuhara kwa mmoja kunaweza kuwafikia wote ndani ya siku chache. Dawa nazo tunampa mtoto ikiwa tu zina maelekezo ya daktari, jina la mtoto na saa ya kumpa vimeandikwa. Dawa ya maji iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo tunakurudishia hapo hapo.

Maziwa ndiyo yanayowasumbua sana akina mama, nami nitakaa hapo kidogo. Chukua mama mmoja wa mwaka huu, keshia wa duka Kariakoo, ambaye mwanawe alianza akiwa na miezi minne akinyonya maziwa ya mama peke yake. Alikuwa anakamua usiku na alfajiri, anamimina kwenye chupa ndogo ndogo, kila moja ya mlo mmoja, na kuandika tarehe na saa juu yake. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne hivi nje ya friji ikiwa hewa haizidi nyuzi 25, na joto la Dar es Salaam hupita hapo miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo alisafiri nayo kwenye mfuko wenye barafu, na yakifika yanaingia friji moja kwa moja. Wakati wa kunyonyesha, mlezi anaitumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka maziwa yapate uvuguvugu. Hayachemshwi. Mtoto akishashiba, yaliyobaki kwenye chupa yanamwagwa, hayarudi friji. Mama akiona yanamwagwa mengi anapunguza kipimo cha kila chupa, ndiyo maana tunashauri chupa ndogo nyingi kuliko kubwa moja. Sheria ya kazi pia inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kutoka Kariakoo kuja Tabata na kurudi haiwezekani kirahisi, lakini wapo walioelewana na waajiri wao wakazitumia saa hizo kutoka mapema. Muulize wako kabla likizo haijaisha.

Kila mtoto mchanga ana kitanda chake, godoro gumu kiasi na chandarua. Tunamlaza chali, bila mto, bila mdoli, bila blanketi zito. Bibi wengi hawapendi kulaza mtoto chali, wanaogopa akicheua atapaliwa. Mtoto mzima wa afya hugeuza kichwa au hukohoa mwenyewe. Anayelala kifudifudi ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kukosa hewa usingizini. Wakati wa usingizi mlezi mmoja anabaki chumbani macho, na kila baada ya muda mfupi anawapitia mmoja mmoja kuangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

Wakubwa kidogo, wa mwaka mmoja hadi minne, siku yao ni nyepesi kueleza. Uji wa lishe saa 3, kucheza nje kabla jua halijawa kali, chakula cha mchana saa 6, usingizi, tunda saa 9, michezo mpaka wazazi wafike. Karanga nzima na pipi ngumu haziingii kituoni kwa sababu ya kupaliwa. Ndoo za maji zinakaa chumba kinachofungwa kwa komeo la juu, kwani mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana akitumbukia kichwa mbele. Na mtoto habadilishwi nguo wala kuogeshwa nyuma ya mlango uliofungwa. Sehemu hiyo iko wazi upande mmoja, mtu mzima wa pili aione. Wazazi huona aibu kuuliza habari za unyanyasaji. Uliza, tena kituo chochote uendako: nani anabaki na mtoto peke yake, saa ngapi, na mlango unakuwaje?

Jioni ndiko kwenye hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye fomu unaandika watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na kila mmoja anaacha picha. Nje ya hao, hatoki. Kuna jioni alikuja kijana na bodaboda, akasema yeye ni mjomba, mama mtoto kakwama foleni ya Buguruni. Alijua jina la mtoto, la mama, hata nyumba wanayokaa. Simu ya mama ilikuwa imezimika. Tulimkaribisha akae kwenye benchi, mtoto akabaki ndani na mlezi, tukampigia mtu wa pili kwenye fomu, ambaye alikuwa bibi wa mtoto. Bibi akasema ndiyo, ni mwanawe wa kumzaa. Bado hatukumtoa mtoto, kwa sababu bibi alikuwa mbali na sauti ya simu haitoshi kumtambua mtu. Mama alifika giza limeshaingia, amechoka, na hakufurahi. Kesho yake alileta picha ya kaka yake tukaibandika kwenye fomu. Ukiona kituo kinamtoa mtoto kwa sababu tu aliyekuja amemwita jina mtoto akacheka, tafuta kingine.

Sasa ada. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Wa mwaka mmoja hadi miwili ni 150,000, na wa miwili hadi minne ni 130,000. Uji, chakula cha mchana na tunda vimo humo. Pampasi, nguo za kubadilisha na maziwa ya mtoto unaleta wewe. Kiingilio ni 30,000, mara moja tu. Jumamosi ni nusu siku kwa 10,000 na si lazima.

Kwa nini wachanga ni ghali zaidi? Kwa sababu ya mikono. Chumba chao kina watoto sita na walezi wawili. Watoto sita kwa 180,000 ni shilingi 1,080,000. Walezi wawili tunawalipa 300,000 kila mmoja, hapo 600,000 imeondoka. Inabaki 480,000 ya kuchangia kodi ya nyumba, mpishi, umeme wa friji, maji, sabuni na zamu ya mlezi anapougua. Sasa chukua kituo kinachotoza 90,000 kwa mchanga. Kwa watoto sita kitapata 540,000, ambayo haiwalipi hata walezi wawili hao. Hesabu inamlazimisha mwenye kituo kupunguza mishahara, na walezi watabadilika kila mwezi, au kuwapa walezi wale wale watoto kumi na wawili. Kwa hiyo ukisikia ada ndogo, uliza wachanga ni wangapi na walezi ni wangapi leo hii, kisha ukawahesabu kwa macho yako. Wapo wanaofanya kazi nzuri kwa bei ya chini kwa kuwa nyumba ni yao au wana msaada. Hao watakueleza bila kusita.

Yule keshia alianza tarehe 15, akalipa nusu ya mwezi, 90,000, pamoja na kiingilio 30,000 na Jumamosi mbili za 20,000. Jumla 140,000. Mwezi uliofuata ikawa 180,000 na Jumamosi nne, yaani 220,000. Ada inalipwa kufikia tarehe 5 na risiti unapewa, hata ukilipa kwa simu. Mtoto akikosa siku chache hatupunguzi, kwa sababu mlezi wake analipwa vile vile. Akilazwa au akisafiri wiki mbili mfululizo, tunakata robo ya mwezi. Tunafunga saa 12:30 jioni. Baada ya hapo ni shilingi 3,000 kwa kila nusu saa, na fedha hiyo anapewa mlezi aliyebaki naye, kwani na yeye ana watoto wanaomsubiri.

Cheti cha usajili kutoka Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kimetundikwa sebuleni. Kisome, angalia jina la kituo na mahali kilipo kama vinalingana na ulipo.

Ukija kututembelea, njoo bila miadi kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Asubuhi kila kituo kinapendeza, sakafu imedekiwa na walezi wana nguvu. Jioni watoto wamechoka, wanalia, na hapo utaona mlezi anamwinua vipi anayelia na anaongea naye kwa sauti gani. Njoo na nakala ya cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, kadi ya kliniki yenye chanjo, na picha za wale watatu. Wiki ya kwanza mtoto anaanza na saa mbili tu kwa siku, halafu mpaka mchana, halafu siku nzima, kwa hiyo anza wiki moja kabla ya tarehe ya kurudi kazini. Januari chumba cha wachanga kitakuwa na nafasi mbili, na zinajazwa kwa kufuata tarehe iliyo kwenye risiti ya kiingilio.