Picha ya viza: kupunguza KB bila kuharibu sura

Picha yangu ina MB 3.4, fomu ya DS-160 inataka isizidi KB 240. Kila nikiibana, uso unakuwa kama nimepigwa picha kwenye moshi. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Unabana kabla ya kukata. Uzito wa picha unatokana na mambo mawili: wingi wa pikseli, na kiasi ambacho JPEG imeruhusiwa kutupa. Ukibakiza pikseli zote milioni 12 za simu na kulazimisha KB 240, programu haina njia ila kutupa karibu kila kitu, na ngozi na nyusi ndizo huumia kwanza.

Fomu hiyo ya viza ya Marekani inataka mraba wa pikseli 600 hadi 1200 kila upande. Tuseme picha yako ni 3000 kwa 4000. Ikate kwenye galari ya simu kwa kipimo cha 1:1, ubaki na mraba wa 2400. Kichwa, kuanzia kidevuni hadi juu ya nywele, kikichukua 1400 hapo, ni asilimia 58 ya urefu wa picha. Wanaruhusu 50 hadi 69, kwa hiyo uko salama. Kisha fungua squoosh.app kwenye kivinjari, washa `Resize`, andika 600 kwa 600, chagua `MozJPEG` na uweke `Quality` kwenye 85. Uzito mpya unauona palepale chini. Ukutani kweupe penye mwanga wa dirishani, mara nyingi hata KB 120 hufiki. Ukiona bado ni nzito, angalia nyuma yako: pazia la maua au chengachenga za picha ya gizani hula KB nyingi kuliko sura yenyewe. Hapo piga nyingine mchana, usihangaike kubana.

Na kila unapojaribu upya, anza na picha ya asili. JPEG iliyobanwa ikibanwa tena hupoteza tena.

Kijana wa stesheneri amenishushia hadi KB 20, anasema ndogo ndiyo inapita haraka. Nimwamini? (Msomaji, Thika)

Hapana. KB 240 ni kikomo cha juu, hakuna anayekupa zawadi kwa kwenda chini zaidi. Tena masharti yao yanataka picha isibanwe zaidi ya mara 20. Piga hesabu: 600 mara 600 mara baiti 3 za rangi ni baiti 1,080,000. Gawanya kwa 20 unapata 54,000, yaani KB 53 hivi. Chini ya hapo umevuka mpaka.

Kuhakiki, ikuze picha uangalie pale nywele zinapokutana na ukuta. Ukiona vijisanduku kama vigae vya bafuni, imebanwa kupita kiasi. Ukiona ulaini tu, kope zimeyeyuka lakini vigae hakuna, basi picha ilikuwa ndogo ikavutwa kuwa kubwa, au kamera ilitikisika. Hiyo ya pili haitibiki.

Nina picha safi ya paspoti, milimita 35 kwa 45, imeskaniwa. Nikiandika 600 kwa 600 sura inatanuka kama chapati. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Umeondoa kufuli la uwiano, ndiyo maana mstatili umelazimishwa kuwa mraba. Jibu la haraka lingekuwa "kata mraba", lakini kwa picha hii haitasaidia. Picha nyingi za kipimo hicho hupigwa kichwa kikiwa na milimita 32 hadi 36. Ukikata mraba wa 35, kichwa kinajaza picha nzima, wakati wao wanakomea asilimia 69. Kuongeza ukuta wa bandia pembeni usijaribu, hawataki picha iliyochezewa. Piga mpya: mtu asimame hatua moja mbele ya ukuta ili kivuli kisimfuate, na mpigaji arudi nyuma kama mita moja na nusu, aache nafasi juu na pembeni. Miwani avue.

Mwanangu alinitumia picha yake kwa WhatsApp kutoka Muscat. Nikiikata, uso hauna maelezo kabisa. (Msomaji, Zanzibar)

WhatsApp imeipunguza njiani. Ukikata sehemu ya uso tu, pengine umebaki na pikseli 250, na kuzivuta hadi 600 ni kubahatisha tu kilichopotea. Mwambie aitume tena kama hati, siyo kama picha. Akiwa na aifoni inaweza kufika ikiwa HEIC, ambayo fomu haipokei. Kubadili jina liwe `.jpg` hakuibadilishi kilichomo. Ipitishe kwenye programu inayoihifadhi upya kama JPEG, au yeye aende `Settings`, `Camera`, `Formats`, achague `Most Compatible`, kisha apige nyingine.