Besi ikivuma: bana chini, acha kidole kisikike

Wadogo zangu mnaoanza kuchanganya muziki hapa Mbeya, kazi nyingi mtakazopata mwanzoni zitakuwa za kwaya, na kwenye kwaya zetu gitaa la besi halikai nyuma. Mpiga besi akitoka D kwenda G, kwaya nzima inamfuata. Besi hiyo ikivuma, maneno yanazama na ngoma haisikiki. Nataka niwaeleze namna ninavyoibana sehemu ya chini kwa kompresa ya maltibendi, ile inayogawa sauti vipande na kubana kila kipande peke yake, bila kuua mguso.

Mguso ni ile "tk" ya mwanzo, kidole kinapoachia uzi na uzi unapogonga freti. Hiyo ndiyo inayomwambia msikilizaji noti imeanza lini. Kwenye simu, ambako spika ndogo haiwezi kutoa 50 Hz hata kidogo, mguso na sauti za juu za uzi ndizo pekee zinazoonyesha kwamba besi ipo. Na watu wetu wengi wanasikiliza kwa simu.

Niwape wimbo mmoja niliouchanganya wa kwaya ya upande wa Rungwe. Ufunguo ni D, mwendo ni mapigo 80 kwa dakika. Besi ilirekodiwa kwa waya moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, bila maikrofoni. Mpigaji alikuwa akipiga D kwenye freti ya 5 ya uzi wa A, yaani 73 Hz, kisha anashuka uzi mnene wa E: G kwenye freti ya 3, ambayo ni 49 Hz, na A kwenye freti ya 5, ambayo ni 55 Hz. D ilikaa vizuri. G na A zilivimba kila kiitikio kilipofika, kwa sababu hapo alikuwa akikaza mkono. Mwalimu wa kwaya alisikiliza mara moja akasema, "Kijana wangu, besi imejaa lakini haisemi." Alikuwa sahihi kabisa.

Nilianza kwa kompresa ya kawaida. Tatizo lake ni kwamba inasikiliza sauti nzima kwa pamoja, na kwenye besi nguvu kubwa iko chini. G ikivimba, kompresa inashusha kila kitu, pamoja na "tk" iliyoko huko juu kuanzia kama 700 Hz hadi 3,000 Hz, ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikabaki na besi iliyotulia, lakini imefunikwa blanketi. Nikajaribu ikwalaiza, nikakata kuzunguka 50 Hz. Kiitikio kikapona, lakini kwenye beti, mahali anapopiga polepole, G ikakosa mwili. Ikwalaiza inakata muda wote, hata pale ambapo hakuna kinachovuma.

Kabla sijaendelea, kuna kosa lililonigharimu siku nzima, nanyi mlikwepe. Chumba changu kina urefu wa mita 3.5. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na chumba huvimbisha mawimbi ambayo nusu yake inalingana na urefu wake: 343 ÷ (2 × 3.5) = 49. Hiyo ni G yenyewe! Kwa hiyo sehemu ya mvumo niliokuwa nausikia ilitoka ukutani. Nilibana kwa kufuata masikio yangu yaliyokaa chumbani mle, nikapeleka wimbo kwenye bajaji ya rafiki yangu pale Mwanjelwa, na kila kwaya ilipofika G besi ilikuwa kama imeruka noti. Pimeni kwanza urefu wa vyumba vyenu. Kisha sikilizeni kwa hedifoni, kwa kuwa huko ukuta hauingii, na mtazame mita. Besi iliyorekodiwa kwa waya haiwezi kubeba mvumo wa chumba iliporekodiwa. Ikivuma kwa spika na kutulia kwa hedifoni, tatizo ni chumba unachosikilizia, na kompresa haiondoi hilo.

Nilipopima, nilichuja besi ibaki chini ya 180 Hz tu nikasoma vilele vyake. D ilikuwa ikifika -18 dB, A -13, G -11. Sasa nilikuwa na namba: G inaizidi D kwa desibeli 7. Hedifoni nazo zilikubali, kwa hiyo mvumo ulikuwemo kwenye rekodi yenyewe, ingawa ni mdogo kuliko chumba changu kilivyonidanganya.

Natumia ReaXcomp inayokuja na Reaper, ila plagini yoyote ya maltibendi itafanya kazi hii. Punguza vipande vibaki viwili tu. Wageni wengi huacha vinne au vitano kisha wanaanza kubana kila kimoja, na hapo sauti inapoteza umbo. Cha chini ndicho kitakachofanya kazi. Cha juu kiache na `Ratio` ya 1, yaani kisibane kitu.

Mpaka kati ya vipande hivyo ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Wengi huuweka 100 Hz kwa sababu mvumo uko chini ya hapo. Lakini uzi wa G ukiwa wazi unatoa 98 Hz. Mpigaji akipanda juu kidogo, msingi wa noti unatoka kwenye kipande kinachobanwa na kuingia kwenye kile kisichobanwa, na ngazi aliyoipiga kwa usawa inasikika kama imepigwa na watu wawili. Mimi hutafuta noti ya juu kabisa anayoigusa kwenye wimbo, kisha naweka mpaka juu yake. Kwenye wimbo huu ilikuwa D ya freti ya 7 kwenye uzi wa G, 147 Hz. Ndipo nikaweka 180. Mwili wote wa noti unakaa pamoja, na mguso uko mbali juu, hauguswi.

`Threshold`, kizingiti ambacho sauti ikikivuka inaanza kubanwa, niliiweka -18, pale D inapofika. Maana yake D inapita bila kubanwa, na kinachozidi hapo ndicho kinachoshikwa. `Ratio` niliweka 4. G inazidi kwa 7, na 7 ikigawanywa kwa 4 inabaki 1.75. Yaani imeshushwa kidogo zaidi ya desibeli 5, na tofauti kati yake na D sasa haifiki 2. Sikutaka ifike sifuri. G ya chini inatakiwa iwe nzito kuliko D, hata mpigaji anaitaka iwe hivyo. Kwenye beti mita ya kubana ilikuwa haichezi kabisa, na hicho ndicho ikwalaiza isingeweza kunipa.

`Attack`, muda wa kukamata, niliweka milisekunde 30. Mtu anaweza kuuliza, ikiwa mguso uko kwenye kipande cha juu, kwa nini nisikamate haraka huku chini? Kwa sababu wimbi moja la G linachukua milisekunde 20 hivi, na la E ya wazi 24. Ukiweka milisekunde 2, kompresa haishushi noti tena, inashusha na kupandisha ndani ya wimbi lenyewe, na wimbi linaharibika umbo. Utalisikia kama mkwaruzo mzito, kana kwamba spika imechanika. Jaribuni wenyewe: shusheni `Attack` mpaka mkwaruzo utokee, kisha pandisheni polepole mpaka uishe. Kuna sababu nyingine pia. Teke la mwanzo la noti lina uzito wake wa chini, unaousikia kifuani, na hizo milisekunde 30 zinaliacha lipite kabla mkono wa kompresa haujafika.

`Release`, muda wa kuachia, niliweka milisekunde 180. Kwa mapigo 80 kwa dakika, nusu ya pigo ni milisekunde 375, na mpigaji huyu alikuwa akipiga nusu nusu. Kompresa ikikawia kuachia, D inayofuata G inakuta bado imebanwa na inaingia ikiwa imenyong'onyea. Sikilizeni noti inayokuja baada ya ile inayovuma, kwani yenyewe ndiyo itawaambia kama mmekawia.

Zimeni kitufe chochote kinachopandisha sauti chenyewe baada ya kubana. Kitawarudishia mvumo kwenye noti zote kisha kiwafanye mdhani mguso umefifia, kumbe ni chini iliyopanda. Mimi nilipandisha kipande cha chini kwa desibeli 1 kwa mkono, nikawasha na kuzima plagini huku ukubwa wa sauti ukilingana, nikisikiliza "tk" peke yake. Ilikuwa ileile.

Mkirekodi besi njia mbili, waya na maikrofoni ya amplifaya, msiweke maltibendi kwenye njia moja tu. Kule kuigawa sauti kwenyewe kunasogeza mawimbi karibu na mpaka, hata kabla hujabana chochote. Nakala mbili hazitalingana tena, na chini itakonda bila sababu unayoiona. Zipelekeni zote kwenye kundi moja, mbane hapo.

Na mita ya kubana ikionyesha desibeli 6 kila noti, bila kupumzika, acheni. Besi hiyo haina noti zinazovimba, ina chini nyingi tu, na dawa yake ni ikwalaiza au kushusha feda. Kama mpigaji bado yupo, mwombeni kwanza apige A kwenye uzi wazi badala ya freti ya 5 ya uzi wa E. Uzi mnene uliofupishwa hutoa A ya mviringo zaidi, na wakati mwingine kubadilisha kidole kunamaliza nusu ya kazi. Mpigaji wetu alikuwa amesharudi kwao Tukuyu, kwa hiyo sikuwa na nafasi hiyo.

Kwenye wimbo ule ilibaki noti moja tu, A ya mwisho wa kiitikio cha tatu, aliyoikandamiza kuliko zote. Sikugusa kizingiti kwa ajili yake, kwa kuwa ningekishusha, hata D zingeanza kubanwa. Nilichora mstari wa sauti, nikaishusha noti ile peke yake kwa desibeli 2, nikampigia mwalimu simu aje asikilize.