Barua ambayo fundi mkuu ataipitisha kwa meneja wa fedha bila kuigusa

"Mimi hutengeneza jenereta. Fundi mkuu wa hoteli moja Bamburi tunaelewana vizuri, na ameniambia: 'Niandikie kitu kifupi nimpelekee meneja wa fedha.' Niandike nini?"

Ndugu, mimi pia huuza huduma za matengenezo kwa hoteli za huku Pwani, na nimeona kwamba barua ya aina hii husomwa na mtu asiyekujua, kwenye simu, huku fundi mkuu hayupo kumweleza wewe ni nani. Kwa hiyo usiijibu ile barua pepe mliyokuwa mkiandikiana, kwa sababu akiipitisha, mazungumzo yote ya chini yatakwenda nayo, pamoja na utani wenu na ile bei ya awali uliyomtajia kwa kukisia. Anza barua mpya, yenye kichwa kinachoeleweka peke yake. Salamu za kirafiki na maelezo ya pembeni mtumie fundi mkuu katika ujumbe mwingine.

Tuseme fundi mkuu amekwambia kwamba mwaka jana hoteli iliita mafundi wa dharura mara 4 na kulipa jumla ya shilingi 310,000, na wewe unatoza 240,000 kwa mwaka. Mimi ningeandika hivi:

> Kichwa: Matengenezo ya jenereta: 278,400 kwa mwaka, pamoja na VAT
>
> Mhandisi, habari za asubuhi.
>
> Mwaka jana hoteli ililipia huduma za dharura za jenereta mara 4, jumla shilingi 310,000. Tunapendekeza mkataba wa mwaka mmoja wa kubadilisha oili na vichujio kila saa 250 za kazi, pamoja na ukaguzi wa betri na mfumo wa kupoza injini.
>
> Gharama ni 240,000, na VAT ya asilimia 16 ni 38,400, jumla 278,400. Oili na vichujio vimo. Vipuri vingine hulipiwa kando, baada ya idhini yenu.
>
> Je, tulete nukuu kamili ili kazi ianze Mei, kabla ya wageni wa Julai, au isubiri bajeti ijayo?

Chini yake weka jina, kampuni na nambari ya simu, basi. Kama ofisi yao huandikiana kwa Kiingereza, muundo ni huu huu.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni ile 310,000. Takwimu hiyo ni ya hoteli na umepewa na fundi mkuu, kwa hiyo mwombe ruhusa kabla ya kuiandika, na umwombe ailinganishe na vitabu vya uhasibu, kwa maana meneja wa fedha akikuta hesabu tofauti, aibu itamwangukia aliyeipitisha barua. Pia ichunguze sentensi yenyewe kwa macho ya bosi wake. Ukiandika kwamba jenereta "imepuuzwa", umeitetea bidhaa yako kwa kumshitaki rafiki yako, kwa kuwa aliyekuwa akiitunza ni yeye. Barua ya namna hiyo hataikataa mbele yako, ataiacha tu ikae. Ndiyo maana nimeandika kilicholipwa, bila kutaja sababu. Kwa sababu hiyo hiyo sijaahidi kwamba dharura zitakwisha, wala sijaandika kwamba hoteli itaokoa tofauti ya 31,600, kwa kuwa kipuri kimoja kikubwa kinaweza kuimeza. Meneja ataweka namba mbili kando kando mwenyewe.

Bei iwemo, hata kama umezoea kuificha mpaka mkutane. Anayeidhinisha matumizi hutaka kujua kwanza kama kiasi hicho kinaingia katika kifungu chake cha bajeti, na bei isiyosema kama VAT imo humlazimu kuuliza, nalo swali hilo hurudi kwa fundi mkuu ambaye hana jibu. Swali la mwisho nimelifanya liweze kujibiwa kwa mstari mmoja, na "isubiri bajeti ijayo" ni jibu lenye faida kwako, kwani utajua lini urudi. Usiombe mkutano bado, wala usiambatishe kijitabu cha kampuni chenye picha.

Ukiona fundi mkuu anakuomba umfupishie, au anaanza kuieleza upya kwa maneno yake, jua kwamba barua haijawa tayari, na katika kuielezea upya bei ndiyo huharibika kwanza. Meneja akiuliza kuhusu masharti ya malipo au vipuri, basi ameisoma. Zikipita siku kadhaa kimya, usimuulize fundi mkuu kama ameituma. Muulize ni mstari gani angependa uondolewe au ubadilishwe, kwa sababu mara nyingi upo mmoja unaomtia wasiwasi na anaona haya kuusema.