Sentensi Moja Kuhusu Sanamu ya Kimathi

Insha yangu ya kwanza ya historia ya sanaa ilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni mwa aya ya kwanza: "Kwa hivyo?" Nilikuwa nimeandika kwamba sanamu ya Dedan Kimathi iliyoko katikati ya jiji la Nairobi ni kumbukumbu muhimu ya mashujaa wa uhuru. Mhadhiri aliniambia nizibe jina la Kimathi kwa kidole, niandike la Tom Mboya, kisha nisome tena. Ilisomeka vizuri kabisa. Hapo nikajua sikuwa na hoja, maana sentensi inayoweza kuhamia sanamu ya Mboya kule Moi Avenue bila kubadilika haijasema lolote kuhusu ile ya Kimathi Street.

Nikarudi mtaani na daftari. Nilikaa kama saa moja, mpiga picha wa barabarani akinibembeleza anipige picha mbele ya shujaa. Ukurasa niliugawa mara mbili: kushoto ninachokiona, kulia ninachokijua kwa kusoma au kuambiwa. "Ushujaa" niliufuta upande wa kushoto, kwa sababu ushujaa hauonekani. Kinachoonekana ni mtu wa shaba aliyesimama wima, mavazi ya kijeshi, bunduki mkono wake wa kulia, kisu mkono wake wa kushoto, nywele ndefu zilizosokotana. (Andika "mkono wake", la sivyo msomaji hatajua kama ni kulia kwako au kwake.)

Upande wa kulia niliweka machache. Mchongaji ni Kevin Oduor. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu Kimathi anyongwe katika gereza la Kamiti. Alinyongwa kwa kosa la kupatikana na bastola. Marufuku ya Mau Mau, kundi la wapiganaji wa msituni ambalo Kimathi alikuwa mmoja wa viongozi wake, iliwekwa na wakoloni, iliendelea kuwepo baada ya uhuru na ikaondolewa 2003 tu.

Hoja ilizaliwa pale pande hizo mbili zilipogongana. Mtu aliyehukumiwa kifo kwa ajili ya silaha amesimamishwa hadharani akiwa na silaha mbili, na serikali yenyewe ndiyo iliyomzindua. Nikaandika: "Sanamu hii inamvika Kimathi magwanda ili kumfanya mtu wa serikali." Niliipenda sana sentensi hiyo, na ilidumu siku mbili.

Iliangushwa na swali la rafiki yangu: "Si Kimathi mwenyewe alijiita Field Marshal?" Kweli. Cheo hicho alikuwa nacho msituni, kwa hiyo magwanda hayakubuniwa na serikali ya 2007. Na zile nywele je? Kama nia ilikuwa kumfuga, mbona hazikunyolewa? Nilishawishika kuziruka nywele kimya kimya, na hapo ndipo insha nyingi za kwanza huharibika: kipengele kinachopinga hoja huachwa nje, ilhali mwalimu ndicho anachokitazama kwanza.

Badala yake niliilinganisha sanamu na picha ile maarufu ya 1956, Kimathi baada ya kukamatwa, amelala, mikono imefungwa pingu. Kwenye picha amelala, kwenye shaba amesimama. Pale mikono imefungwa, hapa imeshika silaha. Kilichobaki vilevile ni nywele. Ndizo zinazomfanya mtazamaji amtambue kuwa ni mtu yuleyule wa pichani, ndipo mengine yaliyobadilika yawe na uzito.

Sentensi ikawa hivi: "Kwa kumwachia Kimathi nywele za picha ya kukamatwa kwake lakini kumsimamisha na magwanda na silaha, sanamu ya Oduor inamgeuza mfungwa wa mahakama ya kikoloni kuwa afisa wa jeshi, cheo alichokuwa nacho msituni lakini ambacho dola ya Kenya ilichelewa kukitambua." Ni ndefu, ndiyo. Lakini haihami. Zaidi ya hayo, imenipangia insha yote: aya ya nywele na picha, aya ya mkao, aya ya magwanda pamoja na pingamizi la rafiki yangu, halafu 2003 na 2007 mwishoni. Awali nilikuwa nimeanza na kurasa mbili za maisha ya Kimathi tangu kuzaliwa. Karibu zote nilizikata, kwa kuwa hakuna kipande cha ile sentensi kilichozihitaji.

Neno moja bado lilinirudisha nyuma. Rasimu ilisema "Oduor alikusudia kuijibu picha." Sikuwa nimemhoji, wala sikuwa na maneno yake yaliyochapishwa. Macho yangu yanaweza kushuhudia kinachofanywa na sanamu, si kilichokuwa kichwani mwa mchongaji. Nikaandika "sanamu inaijibu picha", na wino mwekundu ukahamia kwenye tanbihi zangu.