Kichwa cha barua kisipoonekana chini ya kurasa zako za PDF

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji ambao umenifurahisha na kunikumbusha machungu kidogo. Anasema amefuata maelekezo yangu ya kulaza kichwa cha barua cha kampuni yake chini ya maandishi ya kila ukurasa wa ripoti, kama tabaka la nyuma. Ameandika amri, kompyuta haikulalamika, faili jipya limetoka. Lakini akilifungua, kurasa zote 9 ni nyeupe kama zilivyokuwa, isipokuwa ukurasa wa 4 tu, ambao una nembo, anwani na mstari wa chini kama inavyotakiwa. "Kwa nini huo mmoja?" ameuliza.

Ni swali zuri sana, na huo ukurasa wa 4 ndio uliobeba jibu lote.

Nieleze kwanza kwa nini naipenda njia hii. Ofisi niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na desturi ya kubandika picha ya nembo ndani ya kila hati ya Word. Nilipopendekeza tuandike hati tupu, kisha kichwa cha barua kiwekwe mwishoni kutoka kwenye faili moja, niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba naleta mambo ya kujionyesha. Iliniuma, sifichi. Miezi michache baadaye namba ya simu ya kampuni ikabadilika, na watu wakakaa wakifungua hati moja moja kuirekebisha. Kwa njia yangu, faili la kurekebisha lingekuwa moja tu.

Sasa turudi kwa msomaji. Mimi natumia programu ya pdftk. Unakuwa na maudhui yako, unakuwa na kichwa cha barua kama PDF nyingine, halafu unaandika hivi:

```
pdftk maudhui.pdf background kichwa.pdf output tayari.pdf
```

Amri ya `background` huchukua ukurasa wa kwanza wa `kichwa.pdf` na kuulaza chini ya kila ukurasa wa maudhui. Chini kabisa. Hapo ndipo ilipo siri. Ukurasa wa PDF kwa kawaida hauna rangi yoyote. Weupe unaouona ni wa skrini au wa karatasi. Lakini programu nyingine zinapotengeneza PDF huanza kwa kupaka mstatili mweupe unaofunika ukurasa mzima, kisha huandika maneno juu yake. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ukilaza kichwa cha barua chini, kipo kweli ndani ya faili, ila kimefunikwa na ule mstatili.

Nilimwomba msomaji aniambie ukurasa wa 4 ulitoka wapi. Ulikuwa jedwali lililotengenezwa kwenye programu tofauti na kuchomekwa katikati ya ripoti. Programu ile haikupaka kitu, zile kurasa 8 zilipakwa. Basi.

Ukitaka kuhakikisha bila kubahatisha, fungua tumbo la faili kwa qpdf:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable maudhui.pdf wazi.pdf
```

Fungua `wazi.pdf` kwenye programu ya kuhariri maandishi, utafute `%% Contents for page 1`. Mistari inayofuata ndiyo inayochora ukurasa huo. Kwa msomaji wetu, karibu na mwanzo wake palikuwa na hii:

```
1 1 1 rg
0 0 595 842 re
f
```

Mstari wa kwanza unachagua rangi nyeupe. Wa pili unachora mstatili wa pointi 595 kwa 842, ambao ndio ukubwa wa A4. Herufi `f` inasema: jaza. Huyo ndiye mwizi wa kichwa chako cha barua. Wakati mwingine weupe huandikwa `1 g` badala ya `1 1 1 rg`, lakini kazi ni ileile.

Dawa ya kudumu ni kurudi kwenye chanzo. Ripoti yake ilianzia kwenye ukurasa wa HTML uliokuwa na `background: white`. Alipoandika `background: none` na kutoa PDF upya, nembo ikaonekana kwenye kurasa zote. Kama chanzo huna, badilisha ile `f` kuwa `n` ndani ya `wazi.pdf`, yaani mstatili utajwe lakini usipakwe rangi. Herufi moja kwa herufi moja, urefu wa faili haubadiliki na hakuna kingine kinachoguswa. Fanya hivyo kwa kila ukurasa wenye mstatili huo, ukitumia programu ya kuhariri isiyovuruga sehemu zisizosomeka za faili, la sivyo picha zitaharibika. Kisha tumia `wazi.pdf` badala ya `maudhui.pdf`.

Kurasa zilizoskaniwa hazina dawa hiyo, kwa sababu ukurasa mzima ni picha. Hapo tumia `stamp` badala ya `background`, ili kichwa kikae juu. Ila hakikisha kichwa chenyewe hakina mstatili mweupe, maana sasa kitakachofunikwa ni maandishi yako.

Alipofika hapo msomaji akakutana na jambo la pili, na hili nawaomba mlizingatie tangu siku ya kutengeneza kichwa. Nembo na anwani zilichukua milimita 42 za juu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeachiwa nafasi, lakini kuanzia wa pili maandishi yalianza milimita 25 kutoka juu, yakapanda juu ya anwani. Tengeneza `kichwa.pdf` chenye kurasa mbili: wa kwanza kamili, wa pili wenye nembo ndogo tu. Kisha:

```
pdftk maudhui.pdf multibackground kichwa.pdf output tayari.pdf
```

Ukurasa wa kwanza hulazwa chini ya wa kwanza, wa pili chini ya wa pili, na maudhui yakiwa marefu zaidi, ule wa mwisho wa kichwa hurudiwa hadi mwisho. Kwa hiyo kurasa mbili zinatosha hata kwa ripoti ndefu. Kwenye maudhui nako weka pambizo mbili. Katika LibreOffice Writer, mpe ukurasa wa kwanza mtindo wa `First Page` wenye pambizo ya juu ya milimita 50, na zinazofuata `Default Page Style` yenye 25. Pdftk haisogezi maandishi yako hata kidogo. Nafasi usipoiacha wewe, haitakuwepo.

Pima pia ukubwa wa karatasi kwa `pdfinfo` kwenye mafaili yote mawili. Kimoja kikiwa A4 na kingine Letter, pdftk hukibana au kukivuta kichwa kitoshee, na nembo haitakaa pale mbunifu alipoiweka. Ukurasa uliolazwa kwa upana nao utageuziwa kichwa ubavu. Kurasa za namna hiyo mimi huzitenga na kuzitengenezea kichwa chake.

Na kama barua inatiwa saini ya kidijitali, weka kichwa kwanza, saini baadaye. Saini hiyo hulinda faili kama lilivyokuwa lilipotiwa saini, kwa hiyo ukilaza kichwa baada yake, mpokeaji ataonywa kwamba hati imebadilishwa.