Jibu: Rejista ya vihatarishi, kila mstari unatoka 25

> "Nina duka la jumla la vifaa vya simu Kariakoo. Kwenye rejista nimeandika 'udukuzi', 'wizi', 'virusi', na kila kimoja kinatoka 5 kwa 5. Nakosea wapi?"

Salaam mkuu. Kwanza angalia maelezo, namba baadaye. "Udukuzi" haupimiki. Andika chanzo, tukio na hasara kwa sentensi moja: "Muuzaji wa kaunta akiamini ujumbe bandia wa malipo ya simu, mzigo utatoka bila pesa kuingia, na tutapoteza hadi laki nane."

Hapo sasa unaweza kupima: uwezekano mara athari. Mimi uwezekano naupima kwa kumbukumbu za duka: 5 ni kila mwezi, 4 kila baada ya miezi michache, 3 mara moja kwa mwaka, 2 imewapata majirani tu. Athari naipima kwa faida: 1 ni ya siku, 2 ya wiki, 3 ya mwezi, 4 ya miezi kadhaa, 5 duka linafungwa. Kama laki nane ni faida yako ya wiki na ujumbe huo huja kila baada ya miezi michache, ni 4 × 2 = 8.

Kompyuta yenye madeni ya wateja, isiyo na nakala, ikiibwa: 2 × 4, nayo 8. Zikilingana hivyo, mimi huanza na yenye athari kubwa, maana madeni yasiyo na kumbukumbu hayadaiki.

Kisha andika kinga, na upunguze namba inayoguswa tu. Kuhakiki salio kwenye simu ya duka kabla ya kutoa mzigo kunashusha uwezekano, athari inabaki 2. Nakala ya kila jioni inayotunzwa nje ya duka inashusha athari, mwizi bado atakuja.