-ji- na -an-: mwongozo kwa wanaoanza kuchambua vitenzi

Mwanafunzi wa isimu anapopewa sentensi za Kiswahili achambue, viambishi viwili humsumbua mapema: -ji- ya mtu kujitendea, kama katika anajipenda, na -an- ya watu kutendana, kama katika wanapendana. Vitabu vingi huvitaja pamoja kwa sababu maana zake zinakaribiana, na hapo ndipo wengi huanza kuviona kama ndugu wa jamii moja. Umbo linasema vingine. -ji- ni kiambishi awali na kinakaa kwenye nafasi ya yambwa, kabla ya mzizi. -an- ni kiambishi tamati cha mnyambuliko, kinakuja baada ya mzizi na kutengeneza kitenzi kipya. Ukiishika tofauti hiyo, mengi yanayofuata yatajieleza.

Tuanze na -ji-. Kwa kuwa Kiswahili kina nafasi moja tu ya yambwa ndani ya kitenzi, -ji- ikishaikalia hakuna yambwa nyingine inayoingia: anampenda, anajipenda, lakini si *anajimpenda. Haibadiliki kwa nafsi wala kwa ngeli: ninajiosha, mnajiosha, paka anajiosha.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ni yambwa kweli, yapo majaribio mawili mazuri. La kwanza ni amri. Osha! huishia na -a, lakini yambwa ikiingia irabu ya mwisho hugeuka: Mwoshe! Na -ji- inafanya vivyo hivyo: Jioshe! La pili ni vitenzi vya silabi moja. Katika anakula, ku- inabaki; yambwa ikiingia, ku- inaondoka: anamla. Sasa angalia: nyoka anajila mkia. Hakuna anayesema *anajikula. -ji- inapita kwenye mlango ule ule wa -m- na -wa-.

Kosa la kawaida hapa ni kukata ji isiyo kiambishi. Katika nimemjibu, yambwa -m- imekaa mbele ya ji, kwa hiyo ji ni sehemu ya mzizi jib-. Linganisha na amejiuzulu: ukiweka yambwa nyingine unapata wamemuuzulu, ji imeondoka, basi ilikuwa kiambishi. Jaribio hili la kuweka yambwa ya mtu mwingine lifanye kila mara kabla ya kukata.

Angalia pia usiichukue mwenyewe kama alama ya kujitendea. Juma alimpiga mwenyewe haina maana kwamba Juma alijipiga. Ina maana kwamba alimpiga mtu mwingine bila kutuma mtu. Mwenyewe inatilia mkazo tu. Bila -ji-, tendo halimrudii mtenda.

Kwa -an- mambo yanageuka. Kitenzi kikishapata -an- kinapoteza yambwa: wanawapenda inakubalika, *wanawapendana haikubaliki. Washiriki wote wamehamia kwenye kiima. Ndiyo maana kiima huwa cha wingi, Juma na Ali walipigana, au mmoja hubaki kwenye kiima na mwenzake akaletwa na na: Juma alipigana na Ali. Huyo Ali wa baada ya na si yambwa, na kitenzi kinathibitisha: tunasema alipigana naye, hatusemi *alimpigana.

Nako kuna mitego ya kukata vibaya. Tukana inaonekana kama tuk-an-a, lakini alimtukana inapokea yambwa bila shida, na watu wakirushiana matusi tunasema walitukanana. Mzizi ni tukan-. Mtego mwingine ni -ikan-/-ekan-: patikana, onekana, julikana. Mlima unaonekana, mmoja peke yake, bila mwenzake. Hiyo iwekeni kwenye kauli ya kutendeka, msiikate ili kupata -an- ya kutendana.

Sehemu inayostahili muda wenu zaidi ni mpangilio wa viambishi tamati, kwa sababu unaonyesha nani anamtenda nani. Chukua kumbushana na patanisha. Zote zina usababishi na utendano, ila kwa mfuatano tofauti. Katika walikumbushana, mzizi kumbuk- umepata usababishi kwanza ukawa kumbush-, kisha -an-: kila mmoja alimfanya mwenzake akumbuke. Wanaotendana ndio kiima. Katika mzee aliwapatanisha ndugu wawili, -an- imetangulia, pat-an-, kisha -ish-: mzee aliwafanya wao wapatane. Wanaotendana hapa ni yambwa, -wa-, na ndiyo maana kiima kinaweza kuwa mtu mmoja. Isomeni kuanzia kwenye mzizi kwenda kulia, hatua moja baada ya nyingine, na katika kila hatua andika nani yuko wapi.

Ukifika hapo unaweza kujibu swali ambalo huwashinda wengi: je, -ji- na -an- vinaweza kukaa kwenye kitenzi kimoja? *Walijipatana haiwezekani, kwa sababu -an- imeondoa yambwa na -ji- haina pa kukaa. Lakini walijipatanisha na majirani ni sahihi. Ikate: wa-li-ji-pat-an-ish-a. -An- iliondoa yambwa, -ish- ikaleta nafasi mpya ya yambwa, na -ji- ikaikalia. Kwa hiyo msiandike kanuni kwamba vinakatazana. Andikeni kwamba -ji- inahitaji nafasi ya yambwa iliyo wazi.

Kuhusu maana, msilazimishe -an- iwe “kila mmoja kwa kila mmoja”. Magari yalifuatana: gari la mbele kabisa halikufuata lolote. Sungura wanazaana haraka: hakuna sungura anayemzaa mama yake. -An- inaeleza tendo linalofanyika ndani ya kundi, na uhusiano wenyewe unaweza kuwa wa pande zote, wa msururu, au wa pamoja tu. -Ji- nayo ina upande wake wa namna hii. Katika anajiendea tu, hakuna anayeendewa. Maana ni kwamba anaenda kwa hiari yake, bila kujali. Na amejifungua mtoto wa kike imeshakuwa neno la kamusi, haifafanuliwi kwa kujumlisha -ji- na fungua.

Mgawanyo huu wa mbele na nyuma ya mzizi si wa Kiswahili peke yake. Kizulu kina ukuzithanda, kujipenda, na ukuthandana, kupendana; Kinyarwanda kina kwikunda na gukundana. Lugha nyingine hutumia alama moja kwa yote mawili: Kifaransa ils se regardent yaweza kuwa wanajitazama au wanatazamana, na msemaji akitaka kuondoa utata huongeza l'un l'autre.

Kwa sababu hiyo, mkikusanya data ya lugha msiyoijua, msiombe tafsiri ya “wanatazamana” peke yake. Tengenezeni mazingira mawili yenye kiima kile kile cha wingi: wasichana wawili wanaokaa uso kwa uso, na wasichana wawili ambao kila mmoja ana kioo chake na hamwoni mwenzake. Ombeni sentensi kwa kila moja. Kisha chukueni sentensi iliyotolewa kwa mazingira ya kwanza, mmuulize msemaji wa lugha hiyo kama inafaa kwa ya pili, na kinyume chake. Ombeni pia kiima cha umoja chenye kioo, maana hapo utendano hauwezekani na alama ya kujitendea hujitokeza peke yake. Rudieni kwa vitenzi vitatu au vinne visivyofanana, mathalani kutazama, kuosha, kupiga na kusifu, kwa sababu katika lugha nyingi kuosha mwili kuna kitenzi chake, kama kuoga kwetu, kisichohitaji alama yoyote, na mkitegemea hicho tu mtaandika kwamba lugha haina kiambishi cha kujitendea ilhali inacho.